Kijana Aliyetoka Kanisani: Uhakika wa Kiroho Ni Ushahidi wa Nini?

Tarehe 20 Aprili 1962, siku ya Ijumaa Kuu, vijana 20 waliokuwa wakisomea theolojia waliketi katika kanisa dogo la chini, ndani ya Marsh Chapel ya Chuo Kikuu cha Boston. Ibada yenyewe ilikuwa ikiendelea juu yao, na sauti ya mhubiri Howard Thurman iliwafikia kupitia spika. Kila mmoja wao alikuwa amemeza dawa kabla ya ibada. Kumi walipewa miligramu 30 za psilosaibini, kemikali inayopatikana katika aina fulani za uyoga. Kumi wengine walipewa miligramu 200 za asidi ya nikotini, vitamini inayoufanya uso uwake na mwili uhisi joto kwa muda, lakini fahamu inabaki palepale. Hakuna aliyeambiwa amepewa ipi.

Aliyelipanga jaribio hilo, Walter Pahnke, alikuwa daktari na pia mhudumu wa kanisa, akiandika tasnifu ya uzamivu Harvard. Alitaka kujua kama hali ambazo masufi, watawa na watakatifu wamezisimulia kwa karne nyingi zinaweza kuletwa na dawa, ikimezwa na mtu aliyejiandaa kwa sala, mahali pa ibada.

Siri ya nani kapewa nini haikudumu. Mwanzoni waliomeza vitamini walidhani wao ndio waliobahatika, maana nyuso ziliwaka na miili ikasisimka. Baada ya muda joto lile likapoa, wakabaki wamekaa wakiwatazama wenzao. Wenzao walikuwa kwingine kabisa. Mmoja kati ya waliopewa psilosaibini alimsikia Thurman akihimiza kwamba habari ya msalaba itangazwe kwa watu, akaona agizo hilo ni lake yeye. Akatoka kanisani kwenda kulitimiza. Hawakuweza kumrudisha kwa maneno, mwisho wakamchoma sindano ya klopromazini, dawa ya kutuliza watu waliochanganyikiwa.

Nitamrudia kijana huyo, kwa sababu naamini swali zima la tajiriba ya kiroho kama ushahidi linamwangukia yeye.

Matokeo ya Pahnke yanajulikana. Aliwapa wote maswali ya kujaza, yaliyotungwa kwa kufuata sifa ambazo mwanafalsafa Walter Stace alikuwa amezikusanya kutoka maandishi ya dini mbalimbali: hisia ya kuwa kitu kimoja na vyote, kupotea kwa wakati na mahali, furaha kuu, hisia ya utakatifu, kushindwa kueleza kwa maneno, na kadhalika. Waliopewa psilosaibini waliwapita wenzao kwa mbali. Miaka 44 baadaye, mwaka 2006, Roland Griffiths na wenzake wa Johns Hopkins walichapisha jaribio lililodhibitiwa vizuri zaidi. Walikuwa na watu 36 ambao hawakuwahi kutumia dawa za aina hiyo, na dawa ya kulinganishia ilikuwa methilfenideti, kichangamshi ambacho mtu hawezi kukitambua kwa urahisi kama ilivyokuwa kwa vitamini ya Boston. Katika vikao vya psilosaibini, watu 22 kati ya 36 walifikia kiwango ambacho watafiti walikiita tajiriba kamili. Katika vikao vya methilfenideti walikuwa 4. Miezi miwili baadaye, theluthi mbili ya washiriki waliihesabu siku ile ya psilosaibini kuwa miongoni mwa matukio matano yenye maana kubwa kuliko yote maishani mwao.

Kuanzia hapo watu hugawanyika haraka, na nadhani pande zote mbili hukimbilia hitimisho kabla ya wakati.

Upande mmoja unasema: kumbe ni kemikali tu, basi hakuna kilichoonekana. Hoja hii ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Chukua jambo lililo wazi kabisa, kuuona mti. Nuru inagonga jicho, mishipa inapeleka ishara, sehemu ya nyuma ya ubongo inafanya kazi yake. Mwanasayansi anaweza kueleza kila hatua, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo mti haupo. Kila tunachokijua, pamoja na hesabu na sayansi yenyewe, kinapita katika ubongo. Kama kuwa na njia ndani ya ubongo kungelitosha kuifuta tajiriba, tungelazimika kuzifuta zote.

Mwaka 1998 watafiti wa Zurich walionyesha kwamba ukimpa mtu ketanserini kwanza, dawa inayoziba vipokezi vya aina ya 2A vya serotonini, kemikali inayopeleka ishara ubongoni, psilosaibini inapoteza karibu nguvu yake yote ya kubadili fahamu. Wapo wanaoisoma habari hii kama pigo la mwisho kwa dini. Lakini ukimfunga mtu macho kwa kitambaa naye hataona mti. Ulichothibitisha ni kwamba macho yanahitajika. Kwamba vipokezi vile vinahitajika ni ugunduzi mkubwa kuhusu mwili, ila haujibu kama upande wa pili wa mlango kuna mtu au hakuna.

Na lipo jambo ambalo jaribio la Boston halikuweza kulifanya hata lingerudiwa mara elfu. Pahnke aliweza kuwanyima vijana kumi psilosaibini. Hakuweza kuwanyima vijana kumi Mungu. Jaribio lolote linafanya kazi kwa kuwa na kundi ambalo kile kinachochunguzwa kimeondolewa, ili tuone kama matokeo yanabadilika. Kama Mungu yupo, alikuwepo kwa wote 20, na kama hayupo, hakuwepo kwa yeyote. Anayesema maabara imeonyesha kwamba Mungu hana sehemu katika tajiriba hizi anadai matokeo ya jaribio ambalo halijafanyika.

Isitoshe, maelezo ya kisayansi hayalingani kwa ubora. Kwa miaka mingi mtafiti Michael Persinger wa Kanada alidai kwamba helmeti yenye sumaku dhaifu, ikivalishwa kichwani, iliwafanya watu wahisi kuna mtu asiyeonekana chumbani. Magazeti yaliipenda sana habari ile. Mwaka 2005 Pehr Granqvist na wenzake wa Uppsala walilirudia jaribio kwa watu 89, kwa namna ambayo mpimaji hakujua kama sumaku imewashwa, wala mpimwaji hakujua. Sumaku haikuleta tofauti yoyote. Kilichotabiri nani angehisi kitu kilikuwa tabia ya mtu mwenyewe, hasa wepesi wake wa kupokea mawazo anayodokezewa. Persinger aliyapinga matokeo hayo, lakini jaribio la Uppsala ndilo lililoifunga mianya, nami nasimama nalo. Kwa hiyo anayeshika kila maelezo yenye neno ubongo ndani yake naye anaamini kwa wepesi uleule anaowalaumu nao wengine.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1979 mwanafalsafa Richard Swinburne aliitetea kanuni ambayo kila mmoja wetu anaiishi bila kuitaja: jambo likionekana kwangu kuwa liko hivi, nina haki ya kuamini liko hivi, mpaka ipatikane sababu maalumu ya kunitilia shaka. Bila kanuni hiyo hatuwezi hata kuvuka barabara. Akaiongeza kwa tajiriba za dini: mtu akisema alisimama mbele za Mungu, mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayekataa. Naikubali kanuni hii. Hata nadhani wanaoikejeli hawajafikiri wangebaki na nini bila hiyo. Lakini kanuni yenyewe imebeba sharti lake, na swali lote linakuwa hili: je, sababu maalumu ya kutia shaka ipo?

Naamini ipo, nayo haihusu kemikali kama kemikali. Inahusu uhakika.

Mwanasaikolojia William James, mwaka 1902, alitaja alama nne za tajiriba hizi, na mojawapo ni kwamba aliyeipitia anajiona amejua jambo. Amepewa elimu. Hasemi nilihisi vizuri, anasema niliona ilivyo. Uhakika huo ndio unaoibeba tajiriba yote kama ushahidi. Ukimuuliza mtu kwa nini asiichukulie kama ndoto, jibu lake la kweli ni kwamba lilikuwa jambo halisi kuliko maisha ya kawaida, na kwamba haiwezekani alikosea. Nimelisikia jibu hilo kwa watu ninaowaheshimu, na sina shaka hata kidogo kwamba wanasema kweli juu ya walichohisi.

Lakini uhakika wa namna hiyo ni nini? Kuna aina adimu ya kifafa ambayo mwanzo wa shambulio lake hauleti hofu wala degedege. Unaleta raha isiyosemeka, uwazi wa akili, na hisia kwamba kila kitu kimeeleweka. Daktari Fabienne Picard wa Geneva amewachunguza wagonjwa hawa kwa miaka. Wanasimulia kwamba kwa sekunde chache mashaka yote yanaondoka, vitu vyote vinakaa mahali pake, hakuna swali linalobaki. Wakiulizwa ni nini hasa walichokielewa, wengi hawana la kutaja. Mwaka 2013 yeye na madaktari wa Ufaransa waliripoti kisa cha mgonjwa aliyekuwa amewekewa elektrodi ndani ya ubongo ili ijulikane kifafa chake kinaanzia wapi kabla ya upasuaji. Walipopitisha umeme kidogo katika sehemu ya mbele ya insula, kipande cha ubongo kilichojificha ndani ya mkunjo wa pembeni, hali ileile ya raha ikaja.

Picard ametoa maelezo yanayoniridhisha, ingawa bado ni nadharia. Ubongo muda wote unabashiri kitakachofuata, kisha unalinganisha ubashiri na kinachokuja. Pakiwa na tofauti, ishara ya kosa inatolewa, nasi tunaihisi kama shaka, wasiwasi, au mshangao. Insula ya mbele inahusika na ishara hizo. Sasa fikiria kifaa cha kutoa ishara ya kosa kimezimwa kwa muda. Hakuna ubashiri ulioboreka, na hakuna jambo jipya lililojulikana, ila kengele ya mashaka imenyamaza. Mtu aliye ndani ya hali hiyo atahisi nini? Atahisi kwamba kila kitu ni kweli.

Hapo ndipo mizani inapobadilika. Uhakika unaweza kuja peke yake, bila kitu chochote cha kuhakikishwa. Haumaanishi kwamba kila anapokuja mtu na uhakika amedanganyika. Unamaanisha kwamba uhakika wenyewe hauwezi tena kusimama kama shahidi, kwa kuwa tunajua unavyotokea pale penye ukweli na pale pasipo na ukweli. Moshi ni ushahidi wa moto mahali ambapo moshi hautoki kwa njia nyingine. Ukishajua kwamba kuna mashine ya moshi ndani ya nyumba, huwezi kusema moto haupo, lakini moshi haukuambii tena kitu kikubwa.

Kwa mti tunayo njia ya kutoka nje ya uhakika wetu. Naweza kwenda kuushika. Anayefuata nyuma yangu atagonga kichwa kwenye tawi lilelile hata kama hakuamini. Na tunajua kwa undani ni lini macho hudanganya: gizani, kwenye joto la lami, kwa mwenye homa. Tunazijua hali za makosa kwa sababu tunaweza kuliangalia kosa kutoka upande mwingine. Kwa tajiriba ya kuunganika na vyote, upande huo mwingine haupo. Kipimo pekee kilichobaki ni matunda.

Na hapa niwape haki yao watu wa sala wenyewe, kwa sababu wao ndio walioanza kuzitilia shaka njozi, muda mrefu kabla ya maabara. Yohane wa Msalaba aliwafundisha watawa wasizishike njozi na sauti hata kama zinaonekana kutoka kwa Mungu. Teresa wa Avila, katika karne ya 16, aliandika jinsi ya kupambanua sauti anazosikia mtu katika sala: maneno ya kweli yana nguvu ya kutenda yanachosema, yanaacha utulivu mkubwa, na hayafutiki upesi katika kumbukumbu. Alijua pia kwamba wapo wanaosikia sauti kwa sababu ya ugonjwa, na akataka watendewe kwa huruma. Vipimo hivyo ni vya mtu makini, na vingeweza kumpambanua kijana wetu wa Boston, ambaye agizo lake halikuacha utulivu wowote.

Ugumu ni kwamba matunda nayo yanaletwa na dawa. Mwaka 1991 mtafiti Rick Doblin alichapisha matokeo ya kuwatafuta vijana wa Marsh Chapel, robo karne na zaidi baadaye. Aliwahoji 16: tisa wa vitamini na saba wa psilosaibini. Wote saba walisema bado kwamba siku ile ilikuwa na kitu cha kiroho cha kweli, na kwamba iliwajenga katika imani yao. Utulivu uliwapata, kumbukumbu haikufutika, maisha yaliguswa. Kwa vipimo vya Teresa wangefika mbali. Kwa hiyo matunda yanatenganisha tajiriba inayojenga na ile inayobomoa, na hilo si jambo dogo kwa anayeishi nayo. Hayatenganishi iliyokutana na Mungu na ile ambayo haikukutana na yeyote.

Mtu anaweza kujibu kwamba Mungu anaweza kutumia hata uyoga, kama anavyotumia mkate, mfungo, au usiku wa kukesha. Naam, anaweza. Sina hoja dhidi ya hilo. Ila angalia gharama yake. Ukisema Mungu yupo katika tajiriba hata pale tunapoweza kuileta kwa kipimo cha miligramu na kuizuia kwa ketanserini, basi tajiriba ingekuwa hivyohivyo kwetu akiwepo au asipokuwepo. Imani yako imesalimika, lakini tajiriba si tena sababu ya kuamini. Unaiona kuwa ya Mungu kwa sababu tayari unaamini Mungu yupo.

Wapo watakaosema kwamba wao hawakumeza kitu. Walikuwa katika sala, au kando ya kitanda cha mgonjwa, na jambo likawajia. Kweli, wengi wa walioandika habari hizi katika historia walikuwa hivyo. Lakini wagonjwa wa Picard nao hawakumeza kitu. Psilosaibini ilituonyesha tu kwamba mlango huu upo ndani ya ubongo wa kawaida, na kifafa kinatuonyesha kwamba unaweza kufunguka wenyewe.

Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyeacha ualimu wake Baghdad mwaka 1095 akaishika njia ya masufi, alisema wanachokifikia hakijifunzwi kwa kusoma, ni kwa kuonja. Akatoa mfano wa ulevi: kuna tofauti kubwa kati ya kujua tafsiri na sababu za ulevi, na kuwa umelewa. Mlevi hajui tafsiri yake, na aliye mzima anaijua huku hana ulevi wowote. Mfano huu ni wa kweli mpaka leo, na unapaswa kumnyamazisha mtafiti yeyote anayedhani kwamba picha ya ubongo imemweleza tajiriba ilivyo kwa aliye ndani yake. Mimi nausoma pia kwa upande wake wa pili, ambao yeye hakuukusudia. Aliyelewa ndiye anayejua ulevi ulivyo. Kuhusu kilichomlevya, tutamuuliza aliye mzima.

Basi kinabaki nini? Kwa aliyeipitia, kinabaki kitu. Kama tayari alikuwa na sababu nyingine za kuamini, sioni kosa kwake kuipokea siku ile kama zawadi, na sioni kwa nini amwombe mtu yeyote ruhusa. Kwa sisi tulio nje, uzito ni mdogo. Si sifuri, kwa kuwa ulimwengu usio na tajiriba hizi kabisa ungekuwa ushahidi fulani dhidi ya Mungu anayejifunua, na ulimwengu wetu si huo. Lakini ni mdogo sana kuliko anavyohisi msimuliaji, na unapungua zaidi tukiangalia simulizi zinavyotufikia.

Hapo ndipo namrudia kijana. Tasnifu ya Pahnke haikuitaja sindano aliyochomwa. Habari ile tuliipata kwa Doblin. Pahnke pia hakuzipa nafasi ya kutosha hofu ambazo vijana wengi walizipitia kabla ya furaha kuja. Sidhani alitaka kudanganya, alikuwa na jambo zuri mkononi na akaliangalia hilo. Griffiths alikuwa mwangalifu zaidi: katika watu wake 36, aliripoti kwamba 11 walipatwa na hofu kali. Simulizi za dini zimepita katika chujio kama la Pahnke kwa karne nyingi. Aliyerudi na amani aliandikwa, akanakiliwa, akasomwa. Aliyetoka mbio na agizo lisilokuwepo alirudishwa nyumbani, na jamaa zake hawakulizungumza tena.

Kijana yule alikuwa amemeza dawa ileile, chini ya mahubiri yaleyale, akiwa mwanafunzi wa dini kama wenzake. Hakutoka kwa sababu alikuwa na mashaka. Nikiwahesabu mashahidi wa siku ile, nawahesabu wote kumi, naye yumo.